Pedi kwa wasichana wa ng'ambo ya mto Pangani: leta mchango wako kabla ya tarehe 28 Juni

Ndugu, jamaa na marafiki wa Pangani, mlio nyumbani na mlio mbali,

Sisi ni akina mama 23 wa kikundi cha kuweka na kukopa, Pangani mjini. Tunakusanya taulo za kike kwa wanafunzi 212 wa shule tatu zilizo kusini ya mto, kati ya Bweni na Mkwaja: shule mbili za msingi, kuanzia darasa la tano, na sekondari moja. Tunataka shule zikifunguliwa Julai kila msichana awe na za kumtosha mpaka Novemba.

Mimi ninayeandika nilikuwa mwalimu wa malezi kwa miaka 19. Ukiona mtoto kafunga sweta kiunoni saa sita mchana, na joto la Pangani mnalijua, basi ujue kachafuka. Hasimami kujibu swali, haendi ubaoni. Kengele ikilia anawangoja wenzake wote watoke ndipo anyanyuke. Kesho haji, na keshokutwa haji. Baba ukimuuliza anasema anaumwa tumbo. Nimewahi kumkuta binti ametumia kipande cha sponji alichokichomoa kwenye godoro. Wengine huvaa vitambaa vya kanga kuukuu, na kanga yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba kikishafuliwa hufichwa chini ya godoro kikiwa kibichi ili kaka asikione, kisha kinavaliwa hivyo hivyo. Hapo ndipo miwasho na fangasi vinapoanzia.

Pakiti moja ina pedi 8. Pedi inafaa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, kwa hiyo msichana anayeingia mwezini kwa siku nne au tano humaliza pakiti mbili. Duka la kijijini linauza pakiti 2,500, yaani 5,000 kila mwezi kwa mtoto mmoja. Nyumba yenye mabinti watatu na mvuvi ambaye bahari imechafuka wiki nzima, hiyo hesabu haipiti. Mtakumbuka kwamba katika bajeti ya 2018/19 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Sisi hatungoji bei ishuke. Tumepatana na muuza jumla wa Tanga mjini: 1,800 kwa pakiti, tukinunua kwa katoni.

Kabla ya kupiga hesabu tuliwauliza wasichana wenyewe wanataka nini, bila mwalimu wa kiume chumbani. 148 walichagua pedi za kutupa. 64 walichagua za kitambaa, za kufua, wengi wao wakiwa wale ambao kwao kuna maji ya kutosha na mahali pa kuanikia juani. Hatukumlazimisha mtu. Anayechota maji umbali mrefu ukimpa pedi ya kufua umemwongezea mzigo tu.

Sasa mchango wako unafanya nini?

Shilingi 3,600 zinamtunza msichana mmoja mwezi mzima. Shilingi 18,000 zinamtunza kuanzia Julai mpaka Novemba, na ndani ya miezi hiyo mna mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne. Hili ndilo tunaloliomba zaidi: mchukue mtoto mmoja mpaka Novemba, hata kama utalipa kidogo kidogo. Misaada ya siku moja tumeiona. Katoni zinashushwa Mei 28, siku ya hedhi duniani, picha zinapigwa, na Juni mtoto yuko pale pale.

Shilingi 9,000 zinanunua seti ya pedi nne za kitambaa na mfuko wake, inayoshonwa na fundi wetu wa Muheza. Ikifuliwa vizuri na kukaushwa juani hudumu mwaka na zaidi. Ongeza 3,000 za sabuni, kipande kimoja kila mwezi kwa miezi mitano.

Shilingi 3,000 nyingine zinanunua chupi mbili mpya. Watu husahau hili, nasi tulilisahau mwaka wa kwanza! Tuligawa pedi kwa furaha, kumbe wapo wasiokuwa na pa kuzibandika. Mwaka huu kila mmoja kati ya wale 212 atapata mbili.

Pia tutaweka pakiti 20 za dharura kwa mwalimu wa malezi wa kila shule, maana binti aliyevunja ungo karibuni mwezi wake hauna kalenda, unaweza kumkuta katikati ya hesabu za sehemu. Na ndoo tatu zenye mfuniko kwa kila shule, 8,000 kila moja, ili pedi zilizotumika zisitupwe ndani ya shimo la choo na kulijaza upesi.

Jumla ni shilingi 4,248,000. Mkononi tunazo 1,130,000, nyingi zikiwa zetu wenyewe. Zimebaki 3,118,000. Usafiri hatulipi: wachuuzi wa samaki wanaorudi kusini na pikipiki tupu wamekubali kutubebea.

Vituo vya kupokelea, kila kimoja kina karatasi ya kijani mlangoni iliyoandikwa PEDI NG'AMBO:

Pangani mjini, banda la chakula la katibu wetu, hatua chache kabla ya kivuko, kila siku saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni.

Tanga, duka la vitambaa la mweka hazina, Barabara ya 7, Ngamiani, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukiteremka stendi ya Kange, dereva wa bajaji atakufikisha.

Muheza, kwa fundi cherehani aliye upande wa nyuma wa stendi ya mabasi. Hapo unaweza kuona pedi za kitambaa zinavyoshonwa kabla hujatoa hela.

Dar es Salaam, duka la kanga la mwenzetu, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, Jumamosi tu, saa tatu hadi saa nane.

Ukitoa pesa, dai risiti. Kitabu kina nakala, na hesabu tutaibandika pale kivukoni kila mwisho wa mwezi. Hatuna namba ya simu ya kutumiwa pesa, kwa hiyo ukiona namba inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa jina letu, hiyo si yetu.

Ukileta vitu, pedi ziwe kwenye pakiti ambazo hazijafunguliwa, na tarehe ya matumizi iwe haijapita. Zenye manukato tafadhali baki nazo, zinawawasha wengi. Chupi za mtumba hatupokei, hata ziwe nzuri vipi.

Tutafungasha tarehe 29 Juni, kuanzia saa mbili asubuhi, hapo bandani kwa katibu. Mikono inahitajika, ya akina baba pia. Kila mzigo utaingia kwenye mfuko wa kitambaa cheusi usioonyesha ndani, pamoja na daftari moja, ili binti aubebe njiani bila mtu kumuuliza. Ugawaji utafanyika darasani, si mstarini. Hakutakuwa na mgeni rasmi, wala hatutapiga picha ya mtoto yeyote akipokea. Mchangiaji atakayetaka ushahidi aje siku ya kufungasha ahesabu mifuko mwenyewe. Chai na mihogo vitakuwepo.