Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932: Muhtasari wa Shauri Ulioandikwa kwa Kumbukumbu

Malimbe, Mwanza, Jumamosi asubuhi. Hili ni zoezi langu la nne la kukumbuka mashauri ya uzembe kabla ya mtihani wa sheria ya madhara. Daftari nimelifunga na kumkabidhi mwenzangu wa kujisomea, aliyeketi upande wa pili wa meza, na nimejipa dakika 40. Ninayoyakumbuka nayaandika kwa kalamu nyeusi; daftari likifunguliwa, nitasahihisha kwa kalamu nyekundu bila kufuta nilichokosea, kwa sababu kosa lililofutwa hurudi kwenye chumba cha mtihani likiwa na sura ileile.

Mambo ya hakika

Tarehe 26 Agosti 1928, Bi May Donoghue alikwenda na rafiki yake kwenye mkahawa wa Wellmeadow, katika mji wa Paisley huko Uskoti. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Mwenye mkahawa, Bwana Minghella, alileta aiskrimu na chupa ya bia ya tangawizi, kinywaji ambacho sisi tungekiita soda ya tangawizi, akafungua chupa na kumimina sehemu yake juu ya aiskrimu, na Bi Donoghue akanywa. Rafiki alipomimina kilichobaki, akatoka konokono aliyekwisha kuoza. Bi Donoghue alidai kwamba alipata mshtuko na maradhi ya tumbo kwa sababu ya kile alichokiona na kile alichokuwa amekwisha kukinywa, akamfungulia shauri mtengenezaji wa kinywaji, David Stevenson wa Paisley, akidai fidia ya pauni 500.

Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichopitisha macho. Jambo hili silisahau, kwa kuwa jana jioni nilinunua soda ya tangawizi kwenye kibanda kilicho karibu na kituo cha daladala, na kabla ya kuifungua niliiinua kuelekea jua lililokuwa likizama upande wa ziwa. Kioo cha kahawia kiling'aa pembeni, lakini katikati sikuona chochote isipokuwa giza. Muuzaji naye alikuwa ameitoa kwenye kreti na kunikabidhi bila kuona zaidi yangu.

Bi Donoghue hakuwa na mkataba na mtu yeyote katika mlolongo huu. Aliyenunua ni rafiki, aliyeuza ni Minghella, na Stevenson alikuwa mbali na wote wawili. Hapo ndipo ugumu wa shauri lote ulipokaa, kwa maana sheria ya wakati ule ilizoea kumwambia aliyeumizwa na bidhaa mbovu amrudie yule aliyemuuzia, na kama hakuuziwa na mtu, basi hakuwa na pa kwenda, isipokuwa katika hali chache kama bidhaa iliyo hatari kwa asili yake au muuzaji aliyeijua hatari na kuificha.

Safari ya shauri mahakamani

Nitapita upesi hapa. Jaji wa kwanza, Lodi Moncrieff, aliona kuna hoja ya kusikilizwa. Mahakama ya juu yake huko Uskoti ilitengua uamuzi huo kwa wingi wa majaji, ikifuata uamuzi wake wa mwaka 1929 kuhusu panya waliodaiwa kukutwa katika chupa za kinywaji hichohicho, ambamo walalamikaji walishindwa. Bi Donoghue akakata rufaa kwenye Baraza la Malodi la London, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, akiruhusiwa kuendesha rufaa yake kama mtu asiye na uwezo wa kulipa gharama. Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 1932.

Swali na uamuzi

Swali lilikuwa hili: je, mtengenezaji wa kinywaji ana wajibu wa kisheria wa kuchukua uangalifu kwa mlaji wa mwisho, hata kama hawana mkataba baina yao? Baraza, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, lilijibu kwamba anao. Lodi Atkin, Lodi Thankerton na Lodi Macmillan walikubali rufaa. Lodi Buckmaster na Lodi Tomlin waliikataa. Kwa hiyo Stevenson alionekana kuwa mzembe na akatakiwa kumlipa Bi Donoghue fidia.

Sababu za uamuzi

Lodi Atkin alianza kwa kusema kwamba mashauri ya nyuma yalitaja wajibu mmoja mmoja, huu wa mwenye nyumba, huu wa msafirishaji, bila kueleza ni nini kinachoufanya wajibu uwepo katika hayo yote. Akatafuta shina lake, na akaliona katika swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu katika Injili ya Luka: jirani yangu ni nani? Amri ya kumpenda jirani, alisema, ikiingia katika sheria inakuwa amri ya kutomdhuru jirani, na swali la mwanasheria linapata jibu lenye mipaka. Kwa maneno yangu: ni lazima uchukue uangalifu wa kadiri ili kuepuka matendo, au kuacha kutenda, ambako unaweza kuona mbele kwamba huenda kukamdhuru jirani yako, na jirani ni yule anayeguswa na tendo lako kwa ukaribu na moja kwa moja kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria wakati ulipokuwa ukiamua kutenda au kutotenda.

Kwetu pwani ya ziwa neno jirani lina uzito wake, na nadhani ndiyo sababu wanafunzi wengi hulikumbuka fungu hili na kuyaacha mengine. Jirani ni wa kuombwa chumvi na wa kuitwa usiku mtoto akiugua, awe amekukosea au hajakukosea. Jirani wa Lodi Atkin si huyo. Anaweza kuwa mtu usiyemjua wala hutamwona kamwe. Kinachomfanya kuwa jirani ni kwamba tendo lako lina njia ya kumfikia, na wewe, kama ungefikiri vizuri, ungeiona njia hiyo.

Lodi Thankerton aliegemea kwenye chupa yenyewe: mtengenezaji aliyeifunga ili mtu mwingine asiguse kilichomo amejiweka mwenyewe katika uhusiano wa moja kwa moja na mlaji. Lodi Macmillan alisema kwamba mafungu ya uzembe hayafungwi kamwe, kwa sababu maisha huleta mahusiano mapya na sheria hupaswa kuyafuata. Walitazama pia ng'ambo ya bahari, kwenye hukumu ya Jaji Cardozo wa New York ya mwaka 1916 katika shauri la MacPherson dhidi ya kampuni ya magari ya Buick, ambamo gurudumu bovu lilivunjika na mtengenezaji akawajibishwa kwa mnunuzi ambaye hakununua kwake.

Lodi Buckmaster hakukubali hata kidogo. Kwake sheria ilikuwa imekwisha kusemwa mwaka 1842 katika Winterbottom dhidi ya Wright, shauri la dereva wa gari la farasi la posta aliyeumia gari lilipoharibika njiani na akashindwa kwa kuwa mkataba wa kulitunza gari ulikuwa baina ya Wright na mkuu wa posta. Aliona kwamba wajibu ukivuka mkataba hatua moja, hakuna kitakachouzuia kuvuka hamsini. Hoja hii naiheshimu, na mtu anayeandika jibu la mtihani bila kuitaja hajaonyesha kwa nini kura zilikuwa tatu kwa mbili. Jibu la Lodi Atkin lilikuwa kwamba Winterbottom alijenga dai lake juu ya mkataba asiokuwa mhusika wake, kwa hiyo shauri lile halikufunga mlango wa dai linalosimama juu ya uzembe peke yake.

Kwetu Tanzania hukumu hii haitufungi, bali hutushawishi. Kifungu cha 2(3) cha Sura ya 358 ya sheria zetu kinapokea sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu ya mwaka 1932 iko nje ya mstari huo.

Muda umekwisha. Daftari limefunguliwa. Kuanzia hapa kalamu ni nyekundu.

Kosa la kwanza ni kubwa. Niliandika kwamba Stevenson alionekana kuwa mzembe na akatakiwa kulipa. Si kweli. Baraza halikusikiliza shahidi hata mmoja. Lilijibu hoja ya sheria tu: tukichukulia kwamba yote aliyodai Bi Donoghue ni ya kweli, je, ana dai linalotambulika kisheria? Baada ya kujibu kwamba analo, shauri lilirudishwa Uskoti ili ushahidi utolewe, lakini Stevenson alifariki kabla ya hapo na dai likamalizwa kwa maelewano. Haikuwahi kuthibitishwa mahakamani kwamba ndani ya chupa ile mlikuwa na konokono. Nimelikosa jambo hili kwa sababu nilikariri hadithi, na hadithi hutaka mwisho wenye mshindi. Mwenzangu ananiambia nianze kila muhtasari kwa kuuliza mahakama iliombwa kufanya nini, na nimekubali.

Kosa la pili: nimeeleza jirani kwa kirefu na kusahau sehemu iliyo nyembamba zaidi ya uamuzi, ile inayozifunga mahakama za baadaye. Rangi ya chupa niliiandika kwenye mambo ya hakika, kisha sikuipa kazi yoyote katika sababu. Kazi yake ni hii: wajibu wa mtengenezaji ulisimama kwa kuwa bidhaa ilikusudiwa kumfikia mlaji kama ilivyotoka kiwandani, bila nafasi ya kadiri ya mtu kuikagua njiani. Nilipaswa kuliona hilo, kwa maana nimekulia karibu na Mwaloni Kirumba. Pale dagaa humwagwa juu ya turubai, na mnunuzi huchuchumaa, huchota konzi, huipitisha baina ya vidole, huondoa kijiwe, hunusa, ndipo huzungumza bei. Mkaguzi yupo baina ya mvuvi na mlaji, na ana mikono na pua. Chupa iliyofungwa haina mtu huyo. Anayebaki na uwezo wa kuzuia madhara ni yule aliyeijaza, na ndiyo maana wajibu ulimwangukia.

Kosa la tatu ni dogo: nilisahau kutaja George dhidi ya Skivington la mwaka 1869 na Heaven dhidi ya Pender la mwaka 1883, ambayo Lodi Atkin aliyatumia na Lodi Buckmaster alitaka la kwanza lizikwe.

Daftari limefungwa tena. Uamuzi, kwa mara ya pili, bila kutazama:

Mtengenezaji anayeuza bidhaa katika hali inayoonyesha kwamba anakusudia zimfikie mlaji wa mwisho kama zilivyotoka mikononi mwake, bila nafasi ya kadiri ya kukaguliwa katikati, na akijua kwamba kukosa uangalifu katika kuzitengeneza au kuzifungasha kutamdhuru mlaji katika uhai wake au mali yake, ana wajibu kwa mlaji huyo wa kuchukua uangalifu wa kadiri. Hivyo rufaa imekubaliwa na shauri limerudishwa ili mambo ya hakika yathibitishwe.