Hali ya mfumo wa tiketi za boti, Jumatano

Saa 12:09 asubuhi

Asalaam aleikum jamani. Mfumo wa tiketi umesimama tangu saa 11:52 alfajiri. Hauuzi, hautafuti jina la abiria, wala hautoi orodha. Kaunta zote zimeguswa, Malindi, Darajani na Mkoani, na simu za wateja pia. Mie na Idrisa tuko kazini. Nitaandika tena saa 12:25 hata kama sina jipya.

Kwa sasa: msizime kompyuta na msibonyeze "Lipa" mara ya pili kwa mteja yeyote.

Saa 12:25 asubuhi

Bado haujarudi, na sababu bado tunaitafuta.

Nimeulizwa na watu watatu kama ni umeme. Siyo. Umeme upo, na intaneti ipo, ndiyo maana mnausoma ujumbe huu. Wenye kukumbuka giza la Unguja la Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wapumue. Kilichosimama ni daftari letu kuu, ile sehemu inayohifadhi nani kanunua kiti gani. Kurasa za kuuzia ni nzima, ila zikiliuliza daftari haziitikiwi.

Tunatarajia kurudi saa 1:00. Bi Zuwena, toa vitabu vya tiketi za karatasi kabatini lakini usianze kuuza. Kwanza nikupeni idadi ya viti.

Saa 12:41 asubuhi

Idadi ni hii. Tafadhali isomeni mpaka mwisho, usiisome nusu ukakimbilia kaunta.

Tuna nakala ya daftari inayochukuliwa kila siku saa 6 usiku, imewekwa mahali pengine kabisa na iko salama. Nimeifungua. Inasema:

Boti ya Dar ya saa 1:30: viti 450, vilivyouzwa mpaka saa 6 usiku 318. Vimebaki 132.
Boti ya Mkoani ya saa 3:00: viti 300, vilivyouzwa 171. Vimebaki 129.

Lakini baina ya saa 6 usiku na saa 11:52 kuna watu walionunua kwa simu, na hao siwaoni kwenye nakala. Kwa hiyo viti vilivyobaki hatuviuzi vyote. Wanunuzi wa usiku nimewawekea 50 kwenye boti ya Dar na 39 kwenye ya Mkoani. Mgawo wenu wa karatasi ni huu:

Dar: Malindi 60, Darajani 22.
Mkoani: Malindi 70, Darajani 20.

Mgawo ukimalizika, mauzo yamemalizika. Hata mteja akililia kiti, hata akiwa jirani yako, hata ukimuona nahodha anasema nafasi ipo. Najua asubuhi ya leo watu ni wengi na wengine wana miadi ya hospitali Dar. Lakini orodha ya abiria ndiyo inayotuambia nani yuko baharini, na sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji kukumbushwa meli iliyozama Nungwi, Septemba 2011. Anayepanda aandikwe jina kamili, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Watoto wa mikononi pia waandikwe.

Mwenye ujumbe wa tiketi kwenye simu apite. Angalieni kitambulisho chake, muandikeni kwenye karatasi ya peke yake ili tusimuhesabu mara mbili.

Mkoani: Bwana Faki, boti yenu ya kurudi ni saa 8 mchana. Msiuze chochote bado, muda upo.

Saa 12:58 asubuhi

Nilisema saa 1:00. Haitakuwa saa 1:00. Niliitaja saa hiyo kabla sijajua ugonjwa, na hilo ni kosa langu. Kuanzia hapa sitataja saa ya kurudi mpaka niwe na sababu ya kuitaja.

Boti ya Dar itaondoka kwa karatasi. Meneja amekwisha waarifu watu wa bandarini.

Saa 1:14 asubuhi

Tumeipata sababu.

Diski ya daftari kuu imejaa pomoni. Kwenye skrini imeandika `No space left on device`, maana yake hakuna pa kuandikia tena. Daftari likikosa pa kuandikia husimama lenyewe kwa makusudi, lisije likaandika nusu ya tiketi ya mtu. Kwa hiyo kusimama kwake ndiko kulikolinda kumbukumbu zenu. Hakuna dalili ya tiketi iliyopotea. Wala hatujavamiwa na mtu, Salma, maana najua ndilo swali lako.

Imejaa kwa nini? Chukulieni karani wa Malindi anayeandika kila tiketi kwa kopi mbili. Moja yake, ya pili ya ofisi ya Chake Chake. Kopi ya Chake haitupi mpaka mtu wa Chake aje kuichukua. Sasa mtu wa Chake hakuja kwa siku 16. Karani ni mtiifu, akazipanga. Zikajaa mezani, zikajaa sakafuni, zikafika mlangoni, na leo alfajiri karani hana pa kuweka mkono.

Mtu wa Chake ni ile kompyuta ndogo ya ofisini kwetu Pemba inayopokea mauzo yote papo hapo, ili Unguja ikipata balaa Pemba waendelee. Kombo amekwenda kuitazama. Plagi imechomolewa tangu siku ofisi ilipopakwa rangi. Inashangaza kidogo: kitu tulichokiweka kutuokoa ndicho kilichotuangusha.

Nakuombeni tusianze kumsaka aliyechomoa. Mtu anayepaka rangi ukuta anachomoa plagi, ni kawaida.

Saa 1:20 asubuhi

Nimeulizwa faraghani: kwa nini msizifute hizo kopi tukaendelea? Swali zuri. Kwa sababu rundo lile lina na kazi za karani mwenyewe ambazo bado hajaziingiza kwenye daftari kubwa. Ukishika kisu ukakata fungu, unaweza kukata na tiketi za usiku. Watu wameharibu madaftari yao kwa haraka ya namna hii. Tunaongeza chumba kwanza, karani aanze kazi tena, halafu yeye mwenyewe ndiye atakayetupa yasiyohitajika.

Saa 1:43 asubuhi

Boti ya Dar imeondoka. Bi Zuwena ananambia karatasi zilizouzwa ni 59, chini ya mgawo wa 82. Shukran sana Malindi na Darajani.

Diski tumeipanua kutoka GB 80 hadi GB 120. Daftari limewashwa na sasa linajisomea, yaani linapitia yale lililoyaandika dakika za mwisho na kuhakikisha yako sawa. Hatuliharakishi. Msijaribu kuingia.

Saa 2:02 asubuhi

Limemaliza kujisomea na limesimama imara. Tiketi zote za usiku zipo. Wanunuzi wa usiku walikuwa 31 kwa boti ya Dar na 12 kwa ya Mkoani, kwa hiyo akiba tuliyoiweka ilitosha na ikabaki. Boti ya Dar imeuziwa watu 318 + 31 + 59, jumla 408 kati ya 450.

Sasa tunamwambia karani asiiwekee tena Chake kopi. Kwa Idrisa na kumbukumbu zetu, amri niliyotumia ni hii, wengine ipiteni tu:

```
SELECT pg_drop_replication_slot('chake_nakala');
CHECKPOINT;
```

GB 38 zimeachiliwa hapo hapo.

Saa 2:20 asubuhi

Kaunta ya Malindi imefunguliwa peke yake kwa majaribio. Bi Zuwena, muuzie mteja mmoja wa Mkoani, mmoja tu, unambie risiti imetoka na jina linaonekana.

Darajani na Mkoani subirini. Mauzo ya simu bado yamefungwa.

Saa 2:27 asubuhi

Risiti imetoka. Bi Zuwena pia ananambia mashine ya kuchapia imeishiwa karatasi, lakini hiyo si idara yangu.

Kabla ya kuuza tena boti ya saa 3:00, ingizeni karatasi zote mlizokwisha kuziuza za boti hiyo. Mpaka sasa ni 64. Mtu asiuze kiti kipya kabla hazijaisha kuingia, maana mfumo hauzijui na utaviuza viti vile vile mara ya pili. Za Dar zitaingizwa baadaye, boti hiyo imekwisha ondoka.

Saa 2:51 asubuhi

Zote 64 zimeingia. Orodha ya Mkoani imetoka kwenye mfumo, imelinganishwa na karatasi jina kwa jina, na imekabidhiwa. Kaunta zote tatu zimefunguliwa. Bwana Faki, uza.

Mauzo ya simu bado. Nataka tumalize suala la pesa kwanza.

Saa 3:36 asubuhi

Pesa. Kuna wateja 37 waliopewa namba ya malipo usiku, wakalipa asubuhi wakati daftari limelala. Wamekatwa, tiketi hawakupata. Kati yao, 29 ni wa safari za mchana na za kesho, na tiketi zao zimetumwa sasa hivi kwa ujumbe wa simu. Waliobaki 8 walikuwa wa boti ya Dar. Walikuja kaunta wakalipa tena taslimu wakasafiri, kwa hiyo wamelipa mara mbili. Salma anayo orodha yao, na watarudishiwa kwa njia ile ile waliyolipia. Kaunta msimrudishie mtu taslimu, hata akionesha ujumbe wa makato, tusije tukalipa mara mbili sisi.

Mteja akiuliza, mwambieni hivi: "Mfumo wetu ulisimama asubuhi, umerudi. Tiketi yako haijapotea. Kama ulilipa hukupata tiketi, angalia ujumbe mpya kwenye simu yako, au tupe jina na namba tukutazamie."

Mauzo ya simu yamefunguliwa. Kila kitu kinafanya kazi.

Saa 10:15 alasiri

Karatasi 59 za Dar zimeingia, hesabu za fedha zimelingana, na wale 8 wamesharudishiwa. Nafunga tukio. Mfumo ulikuwa nje saa 2 na dakika 59 kwa kaunta, na karibu saa 4 kwa simu.

Moja linanihusu mie. Onyo la diski kujaa lilikuwa linatumwa siku 5 mfululizo, kwenye baruapepe ya fundi aliyeacha kazi kabla sijaja. Niliipokea kazi yake, sikuyapokea maonyo yake. Kuanzia leo yanakuja kwenye simu yangu na ya Idrisa, na yakipita nusu saa bila kujibiwa yanampigia meneja. Pia karani amewekewa kikomo: kopi za Chake zikifika GB 10 anaziachia, kuliko kuzuia kaunta. Gharama yake ni kwamba Chake ikizimwa muda mrefu itabidi tuijaze upya tangu mwanzo, na bora hivyo.

Kombo, ile kompyuta ya Chake ibandike karatasi "USICHOMOE", kwa herufi kubwa, ila usiiwashe mpaka nikupigie kesho baada ya boti ya asubuhi.