Mahojiano ya kazi ya mtunza stoo: zoezi la kujaza nafasi kwa -li- na -ta-

Anayehoji huwa na maswali mawili tu, hata akiyauliza kwa namna ishirini: ulifanya nini, na utafanya nini? La kwanza hujibiwa kwa -li-, la pili kwa -ta-. Waombaji wengi hujibu yote mawili kwa "huwa najitahidi" au "nina uzoefu mkubwa", na mhoji hubaki hajui kilichofanyika, lini, na mikono ya nani. Zoezi hili linafanyia mazoezi vitenzi vinavyobeba jibu lenyewe.

Mwombaji ni kijana anayetafuta kazi ya mtunza stoo katika hospitali. Mhoji ni mama mtu mzima anayesimamia ugavi. Katika kila nafasi, andika kitenzi kilichomo kwenye mabano kwa wakati uliopita au wakati ujao, kufuatana na maana. Kitenzi kilichoanza na kuto- kinataka jibu la kukanusha. Ukiona -po-, -ye- au -zo- imeongezwa, basi kitenzi kinahitaji kirejeshi hicho. Pasipotajwa mtenda, tafuta nomino iliyo karibu na uilinganishe nayo.

Jambo moja la kukumbuka kabla hujaanza: -me- si kosa katika mahojiano. "Nimeleta vyeti vyangu" ni sawa kabisa, kwa kuwa vyeti viko hapo mezani. Lakini ukitaja mwaka, mwezi au mahali ulipokwisha kuondoka, tumia -li-.

Mazungumzo

Mwombaji: Shikamoo, mama.

Mhoji: Marahaba. Karibu, keti. (1) ______ [wewe, kupata] barua yetu lini?

Mwombaji: Asante. (2) ______ [mimi, kuipata] Jumatatu iliyopita, na siku ileile (3) ______ [mimi, kuijibu].

Mhoji: Vizuri. Wasifu wako nimeusoma, ila nataka nikusikie mwenyewe. Kazi ya stoo (4) ______ [wewe, kuianza] wapi?

Mwombaji: Kwanza (5) ______ [mimi, kuajiriwa] kama kibarua wa kupakua mizigo katika stoo ya vifaa vya ujenzi. Wakati huo (6) ______ [mimi, kutokuwa] na cheti chochote. Mtunza stoo wa pale ndiye (7) ______ [yeye, kunifundisha, -ye-] kusoma hati za kupokelea mizigo na kujaza leja.

Mhoji: Kisha?

Mwombaji: Baada ya mwaka mmoja (8) ______ [mimi, kwenda] chuoni kusomea ugavi. (9) ______ [mimi, kuhitimu, -po-], (10) ______ [mimi, kupewa] nafasi ya mtunza stoo msaidizi katika kituo cha afya. Huko (11) ______ [mimi, kufanya] kazi miaka mitatu, hadi mkataba wangu (12) ______ [kwisha] mwezi uliopita.

Mhoji: Nieleze tatizo moja ulilolikuta huko, na hatua uliyochukua.

Mwombaji: Mwezi wa pili tu (13) ______ [mimi, kugundua] kwamba kila shehena ilipofika, makasha mapya (14) ______ [kuwekwa] mbele ya yale ya zamani. Kwa hiyo dawa za zamani (15) ______ [kutotoka], zikabaki nyuma mpaka muda wake wa matumizi ukapita. (16) ______ [mimi, kutosubiri] kuambiwa. Nilishusha kila kitu, nikapanga upya kwa tarehe, dawa inayokaribia kwisha muda ikae mbele, nikabandika kadi kwenye kila rafu.

Mhoji: Na wenzako je, (17) ______ [kukubali] mpango huo?

Mwombaji: Mwanzoni mmoja wao (18) ______ [kutokubali]. Alisema unachelewesha kazi. (19) ______ [sisi, kukaa] naye, nikamwonyesha makasha yaliyotengwa kwa ajili ya kuteketezwa. Tangu siku hiyo (20) ______ [yeye, kutolalamika] tena.

Mhoji: Sasa tutazame mbele. Tukikuajiri, mwezi wa kwanza (21) ______ [wewe, kufanya] nini?

Mwombaji: Wiki ya kwanza (22) ______ [mimi, kutobadilisha] kitu. (23) ______ [mimi, kuhesabu] kila kilichomo stoo, halafu nitalinganisha hesabu hiyo na leja. (24) ______ [mimi, kumaliza, -po-], (25) ______ [mimi, kukuletea] ripoti ya tofauti zote (26) ______ [mimi, kuzikuta, -zo-].

Mhoji: Mwishoni mwa mwaka tuna mpango wa kuacha leja za karatasi na kuhamia kwenye kompyuta.

Mwombaji: Hilo (27) ______ [kutonipa] shida. Kule nilikotoka (28) ______ [sisi, kutumia] kompyuta katika mwaka wangu wa mwisho, na mimi ndiye niliyeingiza kumbukumbu za dawa zote. Mfumo wenu (29) ______ [kuja, -po-], (30) ______ [mimi, kuwa] tayari.

Mhoji: Na mipango yako ya miaka mitano ijayo?

Mwombaji: Nina mpango wa kusoma shahada ya ugavi, masomo ya jioni. (31) ______ [mimi, kutoacha] kazi kwa ajili ya masomo. Nakusudia siku moja kusimamia stoo nzima.

Mhoji: Una swali?

Mwombaji: Ndiyo, mama. Nikiajiriwa, nani (32) ______ [kunikabidhi] stoo? Na je, (33) ______ [sisi, kuhesabu] pamoja kabla sijatia sahihi?

Mhoji: Umeuliza vema. Anayeondoka (34) ______ [kuwapo] wiki nzima, na (35) ______ [ninyi, kukagua] kila rafu pamoja. Majibu ya mahojiano (36) ______ [sisi, kuyatoa] Ijumaa ijayo.

Mwombaji: Nashukuru sana, mama.

Majibu

1 Ulipata. 2 Niliipata. 3 niliijibu. 4 uliianza. 5 niliajiriwa. 6 sikuwa. 7 aliyenifundisha. 8 nilikwenda (au nilienda). 9 Nilipohitimu. 10 nilipewa. 11 nilifanya. 12 ulikwisha (au uliisha). 13 niligundua. 14 yaliwekwa. 15 hazikutoka. 16 Sikusubiri. 17 walikubali. 18 hakukubali. 19 Tulikaa. 20 hakulalamika. 21 utafanya. 22 sitabadilisha. 23 Nitahesabu. 24 Nitakapomaliza. 25 nitakuletea. 26 nitakazozikuta. 27 halitanipa. 28 tulitumia. 29 utakapokuja. 30 nitakuwa. 31 Sitaacha. 32 atanikabidhi. 33 tutahesabu. 34 atakuwapo. 35 mtakagua. 36 tutayatoa.

Maelezo ya majibu yanayosumbua

Namba 18 ndiyo inayoangusha watu wengi. Wakati uliopita ukikanushwa, -li- hutoka na -ku- huingia: alisubiri, hakusubiri. Kitenzi *kubali* tayari kina ku yake mwenyewe katika mzizi, kwa hiyo jibu lina ku mbili: ha-ku-kubali. Ukiandika "hakubali" umesema kwamba mpaka leo mwenzako anakataa, na kisa chako kimegeuka: badala ya mtu aliyeshawishika, mhoji anasikia ugomvi usiokwisha.

Namba 6 ni kinyume chake. *Kuwa* ni kitenzi cha silabi moja, nacho hubaki na ku katika kauli ya kukubali: nilikuwa. Ukikanusha, ku ni moja tu: sikuwa. "Sikukuwa" si Kiswahili sanifu. Wakati ujao hauna mkanganyiko huo, ku inabaki pande zote mbili: nitakuwa na sitakuwa, atakuja na hatakuja.

Sasa tazama 25. Ku ya *nitakuletea* si ya wakati wala ya mzizi, bali ni kiambishi cha mtendwa, yaani wewe unayeletewa. Mwalimu anaweza kusimama hapa na kuwauliza wanafunzi watafute ku zote za mazungumzo haya na kueleza kazi ya kila moja. Ni dakika chache zenye faida kubwa.

Katika 9, 24 na 29 kuna -po- ya wakati. Uliopita ni -lipo-: nilipohitimu. Ujao ni -takapo-: nitakapomaliza, utakapokuja. Mitaani utasikia "nitapomaliza", na hakuna atakayeshindwa kukuelewa, lakini katika barua ya kazi na mbele ya mhoji andika na utamke -taka- kamili. Hali ni hiyohiyo katika 26: nitakazozikuta. "Nikimaliza" nalo lingefaa katika 24. Mimi napendelea "nitakapomaliza", kwa sababu halina shaka kwamba kazi itamalizwa.

Namba 12, 14, 15, 27 na 29 zinapima upatanisho wa ngeli: mkataba ulikwisha, makasha yaliwekwa, dawa hazikutoka, hilo halitanipa, mfumo utakapokuja.

Huenda umejiuliza kwa nini baada ya "nilishusha" kumekuja "nikapanga" na "nikabandika". Kiambishi -ka- hufuatisha tendo baada ya tendo: -li- hufungua kisa, -ka- hukiendesha. Msimuliaji anayerudia nili-, nili-, nili- hakosei, ila kisa chake huchosha sikio.

Angalia pia 28. Mwombaji anasema "tulitumia", kwa kuwa kompyuta zilikuwa za wote, kisha anasema "mimi ndiye niliyeingiza". Mhoji makini husikiliza mpaka huo. Tendo la kikundi liseme kwa tuli-, lako liseme kwa nili-, wala usiyachanganye.

Mipango nayo haisemwi kwa -ta- peke yake. "Nina mpango wa kusoma" na "nakusudia kusimamia" zinafaa kwa jambo la mbali, ambalo linategemea mengi. Kwa wiki ya kwanza kazini sema nitahesabu, nitalinganisha, nitakuletea. Ukisema "nakusudia kuhesabu" kuhusu kazi ya Jumatatu ijayo, utasikika kama mtu anayejiachia mlango wa kutokea.

Zoezi la pili

Jibu hili lilitolewa kwa swali "Tuambie kuhusu uzoefu wako na mipango yako". Liandike upya ukitumia angalau vitenzi viwili vya -li- na viwili vya -ta-, bila kuzidi sentensi tano.

"Nina uzoefu wa kupokea mizigo na huwa niko makini sana. Nikipewa nafasi naweza kuboresha mambo mengi."

Jibu mojawapo: "Katika kituo cha afya nilipokea mizigo miaka mitatu. Shehena moja ilipofika pungufu makasha mawili, sikutia sahihi. Niliandika upungufu kwenye hati, nikampigia simu aliyetuma siku hiyohiyo. Hapa nitahesabu kila mzigo mlangoni kabla haujaingia ndani. Hati yenye kasoro nitakuletea kabla ya saa za kazi kwisha."