Karibu Shangazi, Daka Linakungojea

Assalamu aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana ngazini. Shikamoo Shangazi.

Baba kaniambia nisome beti tano tu, maana wali ushaiva. Nimeandika kumi na saba. Nisameheni. Mtu aliyeolewa Tanga mwaka 1994, na mara ya mwisho kuingia nyumba hii ya Lamu ilikuwa kumzika mama yake, hawezi kukaribishwa kwa beti tano. Kibwagizo mnakijua, kile cha daka, ukumbi wetu wa mlangoni wenye baraza, tulikifanyia mazoezi jana juu darini mpaka jirani akagonga ukuta. Nikifika hapo, itikieni nyote. Na wewe Shangazi usianze kulia, bado hatujafika hata Horohoro.

Bismillahi naanza, kwa jina lake Jalia,
Mgeni wetu wa kwanza, ndiye ninayemwambia,
Ubani nimeutunza, chetezo chafukizia,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Tangu mazishi ya Bibi, miaka tisa kamili,
Simu yasema "habibi", lakini uso ni mbali,
Leo u hapa karibi, twakushika kwelikweli,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Umetoka kule Tanga, jogoo akiwikia,
Machungwa umeyafunga, ya Muheza kwa gunia,
Horohoro, Lungalunga, mpaka ukapitia,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Ofisa kakutazama, pasi ameshikilia,
Akakuuliza, "Mama, biashara waingia?"
Ukajibu kwa heshima, "Wanangu wanangojea."
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Kwenye feri ya Likoni, umati wakusukuma,
Gunia liko kichwani, kama taji la heshima,
Ukalala Kisauni, asubuhi ukahama,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Mtwapa ukaipita, Kilifi ukaiona,
Malindi ukajifuta, jasho la jua mchana,
Hatimaye ukakuta, mto mkubwa wa Tana,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Zamani njia ya Witu, tope likifika goti,
Siku mbili, siku tatu, basi halitoki kati,
Leo lami, na kiatu, kimefika safi, keti,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Mokowe kwenye gatini, gunia likatatuka,
Machungwa yapo majini, matatu yanazunguka,
Nahodha yu mashuani, mkono ukayadaka,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Hapa nasimama kidogo. Wale wanaodhani nimetia chumvi, chungwa lenyewe hili hapa mkononi mwangu. Lina alama ya kamba ubavuni na bado linanuka bahari. Hayo mawili mengine msiniulize, waulizeni watoto waliokwenda kumpokea gatini, vidole vyao vitajibu. Na nahodha naye hakukubali nauli. Alisema mtu aliyelinda machungwa kutoka Muheza hadi Mokowe, akayapoteza kwenye mkondo wa mwisho, anastahili kuvushwa bure. Haya, tuingie mjini.

Punda kabeba mizigo, kichochoro kafuata,
Hakungoja hata pigo, nyumba yetu akapata,
Mlangoni kwa mikogo, kasimama akasita,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Nyumba hii ya mababu, matumbawe na chokaa,
Boriti ndiyo sababu, kikawa chembamba pia,
Kuta nene, ni ajabu, joto halijaingia,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Hicho "chembamba" ni chumba, enyi wageni wa bara msionielewa. Boriti za mikoko zina urefu wake, na fundi wa zamani hakuweza kujenga chumba kipana kuliko mti aliopewa na bahari. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu, vyembamba, na siri zote za ndani husikika hadi nje. Shangazi anajua. Tunaendelea.

Baraza mbili dakani, zimeketi zatazama,
Moja ni ya majirani, ya pili yako daima,
Hajaketi hata jini, tangu ulipotuhama,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Mlango tumefungua, mbao zake zote mbili,
Mafuta tukayatia, sasa hung'aa kwa mbali,
Komeo tumelitoa, leo halina shughuli,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Zidaka za Bibi ndani, sahani zimepangika,
Moja ufa pembezoni, ni wewe uliyeshika,
Kaiweka kwa thamani, ukirudi utacheka,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Naona mkono mdomoni. Shangazi, hatukuitoa hiyo sahani hata tulipopaka chokaa upya. Fundi alitaka kuitupa, Baba akamwambia afadhali atupe fundi. Imebaki kidaka kilekile, cha tatu kutoka kushoto, ufa ukitazama nje kama alivyouweka Bibi mwenyewe ili kila anayeingia aulize, naye apate kisingizio cha kukutaja. Nami nilikujua kwa sahani hiyo kabla sijakujua kwa sura.

Kitanda kimetandikwa, asumini na kilua,
Feni nayo imewekwa, na pepeo, kwa kujua,
Na neti imetundikwa, mbu wasije sumbua,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Wali wa nazi tayari, na samaki wa kupaka,
Kaka kaenda bahari, tangu nyota zikiwaka,
Mabuyu yana sukari, watoto wameyasaka,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Mfungo Sita ni huu, Maulidi Riyadhani,
Matari yavuma juu, yasikika madarini,
Utakwenda kwa maguu, punda yu mashindanoni,
Karibu Shangazi yetu, daka linakungojea.

Ubeti wa mwisho, na huu sitaki mniitikie. Kibwagizo chake nimekigeuza leo asubuhi, nilipotoka na chetezo nikamkuta Shangazi ameshaketi nje peke yake, viatu amevua, anapapasa baraza kwa kiganja kama mtu anayetafuta sindano. Sikumsemesha. Nilirudi ndani kutafuta kalamu.

Sitakuuliza lini, safari ya kurejea,
Begi nimefunga ndani, ufunguo nalalia,
Njoo keti barazani, kahawa yakupolea,
Karibu Shangazi yetu, daka leo limejaa.