Waraka kwa Wasimamizi wa Maduka: Kalenda ya Mauzo ya Mwaka 2026 (Wiki 53)

Mbeya, Jumatatu 1 Desemba 2025

Ndugu wasimamizi wa Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu, Makambako, Njombe, Mafinga na Iringa Mjini,

Hii ndiyo kalenda tutakayofungia mauzo mwaka ujao. Nakala moja ibandikwe ofisini, nyingine apewe mtunza stoo. Sehemu ya Desemba isomwe kwa utulivu, kwa sababu mwaka 2026 una wiki 53. Kwa kalenda hii, mara ya mwisho hali hiyo ilikuwa mwaka 2020.

Wiki yetu huanza Jumatatu duka linapofunguliwa na kuisha Jumapili jioni, ripoti ya Z ikishatoka. Kila robo mwaka ina wiki 13: mwezi wa kwanza wiki nne, wa pili nne, wa tatu tano.

Robo ya kwanza
Januari (wiki 1–4): 29 Desemba 2025 – 25 Januari
Februari (wiki 5–8): 26 Januari – 22 Februari
Machi (wiki 9–13): 23 Februari – 29 Machi

Robo ya pili
Aprili (wiki 14–17): 30 Machi – 26 Aprili
Mei (wiki 18–21): 27 Aprili – 24 Mei
Juni (wiki 22–26): 25 Mei – 28 Juni

Robo ya tatu
Julai (wiki 27–30): 29 Juni – 26 Julai
Agosti (wiki 31–34): 27 Julai – 23 Agosti
Septemba (wiki 35–39): 24 Agosti – 27 Septemba

Robo ya nne
Oktoba (wiki 40–43): 28 Septemba – 25 Oktoba
Novemba (wiki 44–47): 26 Oktoba – 22 Novemba
Desemba (wiki 48–52): 23 Novemba – 27 Desemba
Wiki ya 53: 28 Desemba 2026 – 3 Januari 2027

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusifunge tu tarehe 30 au 31 kama wengine. Sababu ni Jumamosi. Mei 2026 ya kawaida ina Jumamosi tano, Aprili ina nne. Duka la Mwanjelwa likiuza vizuri zaidi Mei, hatuwezi kujua kama ni kazi ya wauzaji au ni ile Jumamosi moja iliyozidi. Kwa wiki kamili, kila mwezi unabeba Jumamosi sawasawa na idadi ya wiki zake, na robo zote zina siku 91.

Lakini mwezi wa wiki tano usilinganishwe na wa wiki nne kwa jumla yake. Tuseme duka linauza shilingi 18,000,000 kwa wiki bila kupanda wala kushuka. Februari litaonyesha 72,000,000 na Machi 90,000,000. Hapo hakuna aliyeuza zaidi. Ndiyo maana malengo na bonasi za 2026 tumezipanga kwa wastani wa wiki, na ripoti mtakayoleta iwe na safu hiyo.

Sasa wiki ya 53. Wiki 52 ni siku 364, ilhali mwaka una siku 365, au 366 ukiwa mrefu. Kila mwaka tunabakiwa na siku moja au mbili, na zisipofidiwa mwisho wa mwaka wetu utazidi kurudi nyuma hadi Krismasi iangukie mwaka mwingine. Kanuni yetu ni kwamba mwaka unafungwa Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 31 Desemba. Mwaka 2026 tarehe 31 Desemba ni Alhamisi: Jumapili ya tarehe 27 iko nyuma kwa siku nne, ya tarehe 3 Januari iko mbele kwa siku tatu. Kwa hiyo tunakwenda mpaka tarehe 3. Njia ya mkato ni hii: mwaka ukianza au kuisha siku ya Alhamisi, una wiki 53. Baada ya 2026 inayofuata ni 2032, kisha 2037. Kwenye Eksel mnaweza kuhakiki wenyewe; jibu likiwa 53, wiki ya ziada ipo:

```
=ISOWEEKNUM(DATE(2026,12,28))
```

Ipo kanuni nyingine, ya kufunga Jumapili ya mwisho ya Desemba. Tuliikataa. Kwa kanuni hiyo mwaka 2027 tungefunga na kuhesabu mali tarehe 26 Desemba, siku moja baada ya Krismasi, wakati rafu zimevurugika na nusu ya wafanyakazi wako safarini kwao Kyela, Ludewa na Makete. Hesabu ya namna hiyo haiaminiki.

Wiki ya 53 itaandikwa kwenye mstari wake peke yake na itakuwa na lengo lake. Bonasi ya Desemba itahesabiwa kwa wiki ya 48 hadi 52 tu. Nalisisitiza hili kwa sababu 2026 inabeba sikukuu mbili za Mwaka Mpya, 1 Januari 2026 na 1 Januari 2027. Msimamizi atakayepokea duka 2027 asilaumiwe kwa kushindwa kufikia jumla iliyokuwa na siku saba zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo, 2027 italinganishwa kwa tarehe zinazokaribiana. Wiki ya 1 ya 2027 (4–10 Januari) italinganishwa na wiki ya 2 ya 2026 (5–11 Januari), na kuendelea hivyo hadi mwisho. Uyole mtaliona wazi hili. Nane Nane ya 2026 iko wiki ya 32, ya 2027 iko wiki ya 31. Ukilinganisha namba ya wiki kwa namba ya wiki, utaona duka limeanguka vibaya baada ya maonyesho ya John Mwakangale, kumbe unalinganisha wiki yenye wageni na wiki isiyo nao. Pasaka haitasaidiwa na mpango huu: 2026 ni tarehe 5 Aprili, robo ya pili, 2027 ni tarehe 28 Machi, robo ya kwanza. Itaelezwa kwa maandishi kwenye ripoti.

Mambo ya serikali hayafuati kalenda hii. Ritani ya VAT inabaki ya mwezi wa kawaida, na mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hesabu za kodi ya mapato zinafungwa 31 Desemba. Kwa hiyo mauzo, manunuzi na uhamisho wa mali wa tarehe 1, 2 na 3 Januari 2027 uwekwe kwenye faili lake. Tutahesabu mali Jumapili tarehe 3 jioni, kisha tutarudisha hesabu nyuma hadi tarehe 31 kwa kutumia karatasi hizo. Ikipotea hata noti moja ya kupokelea mzigo, mahesabu hayatakubali.

Mishahara inabaki 12. Vibarua wanaolipwa kila Jumamosi watalipwa mara 53, kwa hiyo bajeti ya upakiaji iongezwe wiki moja. Kodi ya pango ya mwaka mzima mtaigawa kwa 53: duka linalolipa 1,200,000 kwa mwezi litabeba takribani 271,698 kwa wiki, badala ya 276,923.

Njombe na Makambako, oda ya mablanketi na masweta iwe imefika stoo kabla ya wiki ya 22. Wengine wote nileteeni malengo yenu ya wiki, pamoja na lengo la wiki ya 53, kabla ya Ijumaa tarehe 12 Desemba.

Mhasibu Mkuu
Ofisi ya Mbeya