Yah: Maombi ya Fedha za Diski na Seva ya Akiba Kabla ya Msimu wa Korosho

Kitengo cha TEHAMA,
Makao Makuu ya Chama Kikuu,
Mtwara.

14 Julai 2025

Kumb. Na. TEHAMA/FDH/07/2025

Meneja Mkuu,
Chama Kikuu cha Ushirika,
Mtwara.

YAH: MAOMBI YA SH. 36,410,000 KWA AJILI YA DISKI NA SEVA YA AKIBA

Ndugu Meneja Mkuu, husika na mada tajwa hapo juu.

Seva yetu ya malipo ya wakulima imebakiwa na nafasi isiyotosha msimu ujao, na haina mwenzake wa kuipokea ikizimika. Hali ya diski asubuhi ya leo ni hii:

```
Filesystem  Size  Used  Avail  Use%  Mounted on
/dev/sdb1   5.5T  5.0T  512G   91%   /data
```

Zimebaki gigabaiti 512. Msimu uliopita wa korosho peke yake ulitumia gigabaiti 690. Sehemu kubwa ni picha za stakabadhi za mzani ambazo AMCOS wanatutumia, tangu Mkaguzi wa Ndani aagize kila malipo yawe na kielelezo chake. Agizo hilo ni zuri na limeshatuokoa kwenye malalamiko mengi, kwa hiyo sipendekezi tulilegeze. Ila kwa kasi ile, diski itajaa katikati ya Novemba, wakati minada imepamba moto.

Naomba ieleweke kwamba diski ikijaa mfumo hauendi polepole tu. Kanzidata yetu ya PostgreSQL huandika kila muamala kwanza kwenye kumbukumbu zake za diski. Ikikosa pa kuandika inasimama, na haiwaki tena hadi nafasi ipatikane. Karani wa Newala atakuwa na mkulima mbele yake na stakabadhi mkononi, na skrini haitapokea chochote.

Hatari ya pili inanisumbua zaidi. Seva ina diski nne za terabaiti 2, zimeunganishwa kwa RAID 5. Utaratibu huo unavumilia diski moja kufa. Ikifa ya pili kabla ya ile ya kwanza kujengwa upya, vyote vilivyomo vimepotea. Ukiacha moja iliyobadilishwa mwezi uliopita, diski zetu zilinunuliwa siku moja, kutoka boksi moja, na ziko mwaka wa sita kazini, tena mjini kwenye hewa ya chumvi. Zimezeeka pamoja, na kuna uwezekano mkubwa zikafuatana kufa.

Mwezi uliopita, wakati wa malipo ya ufuta, tuliliona hilo kwa macho. Taa ya diski ya tatu iligeuka rangi ya machungwa, na hatukuwa na ya akiba kabatini. Iliagizwa Dar es Salaam ikapanda basi. Muda wote huo tulilipa wakulima kwa diski tatu zisizo na kinga yoyote. Mpya ilipofika, kuijenga kulichukua usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, na muda huo ndio diski kongwe zinasomwa mfululizo kuliko wakati mwingine wowote. Tulisalimika. Lakini mnakumbuka Mei 2024, barabara ya kusini ilipokatika huko Somanga, Kilwa, baada ya Kimbunga Hidaya. Diski ingekufa wiki ile, isingefika Mtwara.

Niseme pia kuhusu nakala rudufu, kwa sababu swali hili liliulizwa kwenye kikao cha menejimenti. Ni kweli tunazo kila usiku. Zinakwenda kwenye diski ya nje iliyo chumba kilekile cha seva, mezani, hatua mbili kutoka kwenye seva yenyewe. Moto, mwizi au maji ya paa havitachagua.

Tukipoteza taarifa hizi, jumla za mauzo ya mnada tunaweza kuziomba kwingine. Mchanganuo wa mkulima mmoja mmoja uko kwetu tu: kilo zake, daraja lake, makato yake kwa mujibu wa mjengeko wa bei, na akaunti yake ya benki. Kuujenga upya ni kukusanya makaratasi ya kila AMCOS na kuingiza moja moja, huku wakulima wakisubiri fedha. Nyote mnajua mkutano wa wanachama unavyokuwa malipo yakichelewa hata kwa sababu nzuri.

Ninachoomba ni hiki. Diski nane za terabaiti 4, sh. 6,800,000: sita ziingie kwenye seva ya sasa kwa RAID 6, inayovumilia diski mbili kufa kwa pamoja na kutupa terabaiti 16, na mbili zikae kabatini. Seva ya akiba pamoja na diski zake, sh. 24,600,000. Betri yake ya kukinga umeme, sh. 2,900,000. Diski mbili za nje za kupokezana, sh. 960,000. Usafiri na ufungaji, sh. 1,150,000. Bei zimetoka kwenye nukuu za wauzaji zilizoambatanishwa.

Seva ya akiba napendekeza ikae ofisi yetu ya Masasi, mbali na bahari na mbali na jengo hili. Itapokea kila muamala sekunde chache baada ya kuandikwa Mtwara. Hii ya Mtwara ikifa, tutahamia Masasi kwa amri ya mtu, si yenyewe, na nakadiria kazi hiyo itachukua chini ya saa moja. Sitaki ihame yenyewe, maana mtandao wetu ukikatika dakika kumi tusije tukajikuta na seva mbili, kila moja ikijiona ndiyo kubwa na kupokea malipo yake.

Seva ya akiba haiondoi haja ya nakala rudufu. Karani akifuta orodha ya AMCOS kwa bahati mbaya, ufutaji huo utafika Masasi sekunde zilezile. Diski za nje ndizo zitaturudisha jana. Moja itakaa kwenye sefu ya benki, nyingine kazini, na zote zitafungwa kwa nywila kwa kuwa zina majina, simu na akaunti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana katika hilo.

Nimefikiria kukodi nafasi mtandaoni badala ya kununua. Kwa nakala za ziada inafaa, na tunaweza kuijadili mwakani. Kuitegemea kwa malipo ya kila siku sishauri. Mei hiyohiyo ya 2024 nyaya za baharini zilikatika na nchi nzima ikahangaika na intaneti.

Kama fedha yote haitapatikana kwa mara moja, tuanze na diski zote, za ndani na za nje, kwa sh. 7,760,000. Hizo haziwezi kusubiri. Lakini bila seva ya Masasi tutaingia msimu tukiwa na mashine moja, na ubao wake mkuu ukiungua, diski nzuri hazitasaidia kitu hadi mwingine upatikane.

Naomba uamuzi ufikiwe kabla ya 31 Julai, ili mzigo ufike Agosti na Septemba tujaribu kuzima seva ya Mtwara makusudi, mhasibu akiwepo, kabla ya mnada wa kwanza wa korosho Oktoba. Niko tayari kuja kueleza mbele ya Bodi.

Naomba kuwasilisha.

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mhasibu Mkuu, Mkaguzi wa Ndani