Umungu wa Roho Mtakatifu kutoka Nisea hadi Kalkedonia (325–451)

Kanuni ya Imani iliyotolewa na mtaguso wa maaskofu uliofanyika Nisea mwaka 325 inamtaja Roho Mtakatifu kwa ufupi wa kushangaza: "Na katika Roho Mtakatifu." Baada ya hapo zinafuata laana dhidi ya Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Hakuna neno juu ya asili yake wala kazi yake. Ufupi huo usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba maaskofu walimwona Roho kuwa mdogo. Hoja iliyowakutanisha ilikuwa Mwana, na kwa Mwana ndiko walikotumia neno homousio, yaani wa umungu mmoja na Baba.

Makala hii inadai kwamba fundisho la Roho halikukamilishwa kwa tamko moja la mwaka 381, kama inavyosemwa mara nyingi. Tamko hilo liliandikwa kwa tahadhari ya makusudi, likafafanuliwa kwa barua mwaka 382, na likapata mamlaka yake ya kiekumene miaka 70 baadaye.

Swali lilizuka wazi mnamo mwaka 359, Serapioni, askofu wa Thmui nchini Misri, alipomwarifu Athanasio, askofu wa Aleksandria, kuhusu Wakristo waliokubali umungu wa Mwana lakini wakamfanya Roho kiumbe. Athanasio alijibu kwa hoja ya wokovu: anayetutakasa na kutushirikisha umungu hawezi kuwa mmoja wa wanaohitaji kutakaswa. Sinodi ya Aleksandria ya mwaka 362 iliitumia hoja hiyo kama sharti la upatanisho: atakayepokewa alitakiwa kuikiri imani ya Nisea na pia kuwalaani wanaosema Roho ni kiumbe. Hapo Nisea ilikwisha kusomwa kwa maana pana kuliko maandishi yake.

Basili wa Kaisaria alikwenda kwa njia nyingine. Katika kitabu chake juu ya Roho Mtakatifu, cha mwaka 375 hivi, alitetea sala ya kumtukuza Mungu isemayo "pamoja na Roho" kando ya ile ya "kwa njia ya Mwana, katika Roho". Hoja yake ilitegemea liturujia: tunavyobatizwa ndivyo tunavyoamini, na tunavyoamini ndivyo tunavyotukuza. Lakini humo hamtaji Roho waziwazi kuwa Mungu, wala hampi neno homousio. Gregori wa Nazianzo, rafiki yake, hakuwa na subira hiyo. Katika hotuba zake za Konstantinopoli alisema yote mawili bila kuzunguka.

Mtaguso wa mwaka 381, uliofanyika Konstantinopoli, ulifuata lugha ya Basili. Mfalme Teodosio aliwaalika pia maaskofu 36 wa kundi la Makedonio, lililokana umungu wa Roho, wakiongozwa na Eleusio wa Kiziko, kwa matumaini ya kuwarudisha. Walikataa, wakaondoka, na mtagusoni wakabaki maaskofu 150. Hata hivyo Kanuni inayohusishwa na mtaguso huo imebaki na sauti ya mapatano: Roho ni "Bwana, mleta uzima, atokaye kwa Baba, anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana, aliyenena kwa vinywa vya manabii." Karibu kila kishazi kina mzizi katika Maandiko (2 Kor 3:17, Yn 6:63, Yn 15:26, 2 Pet 1:21). Kile cha kuabudiwa ndicho kinachobeba uzito wa fundisho, kwa kuwa kiumbe haabudiwi. Homousio halimo. Gregori, aliyejiuzulu uenyekiti katikati ya vikao, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba chemchemi tamu ya imani ya kale ilichafuliwa.

Anayeishia kwenye Kanuni, basi, atahukumu kwamba mtaguso uliyumba. Lakini kipengele cha kwanza cha sheria zake kinawalaani wanaompinga Roho kwa jina, na barua ya sinodi ya mwaka 382 kwa maaskofu waliokusanyika Roma inakiri umungu, uwezo na asili moja ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu katika nafsi tatu kamili.

Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, uliikariri Kanuni ya mwaka 325, ukakataza kutunga imani nyingine. Katazo hilo lilileta mzozo katika mtaguso wa Kalkedonia. Katika kikao cha kwanza, Oktoba 451, Diogene, naye askofu wa Kiziko, alimlaumu Eutike, mtawa wa Konstantinopoli aliyeshtakiwa kwa uzushi, kwa kuyaacha maneno yaliyoongezwa na mababa baada ya Nisea. Maaskofu wa Misri wakapaza sauti kwamba hakuna nyongeza inayokubalika. Siku mbili baadaye Kanuni ya mababa 150 ilisomwa baada ya ile ya Nisea, na tamko la mwisho likajibu upinzani huo: mababa wale hawakuongeza kitu kilichopungua, bali waliweka wazi kwa ushuhuda wa Maandiko walivyomwelewa Roho, dhidi ya waliokana ubwana wake. Kihistoria maneno yaliongezeka, na Diogene alilisema hilo bila kificho. Kwa mtaguso, kilichokuwa kipya ni uzushi uliolazimisha maneno hayo.